Pepa ya sheria ya kuingia na vitabu: tupeane uzoefu

Dada wa Tabata: Wakuu, jana usiku nimemkuta mdogo wangu anabandika stika za rangi kwenye Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, karibu kila ukurasa. Ana pepa ya masaa matatu, maswali manne, vitabu ruksa. Mliopita huko, mlipangaje vitu muda usiishie kwenye kupekua?

Bwana Kesi: Stika nyingi ni sawa na kutokuwa nazo, jicho halijui lianzie wapi. Mwambie abakize chache: jedwali la muda, pale muda unapoanza kuhesabika, kukiri deni, na kuongezewa muda. Kisha aandike faharasa ya ukurasa mmoja, na aipange kwa namna mtahini anavyouliza, sio kwa namba za vifungu. Yaani aandike "mdaiwa alilipa kidogo, je muda unaanza upya?" halafu mbele yake kifungu na ukurasa.

Chukua mfano. Mkopo ulitakiwa kulipwa Machi 2014, mdaiwa akalipa sehemu Juni 2017, kesi ikafunguliwa Mei 2022. Anayepekua atakuta kwenye jedwali kwamba mkataba ni miaka sita, atahesabu hadi Machi 2020 na kuandika kesi imechelewa. Mwenye faharasa ataona mstari wa malipo ya sehemu, atafungua kifungu cha 27, na saa ya sheria inaanza upya Juni 2017. Miaka sita inafika Juni 2023, kwa hiyo kesi iko ndani ya muda. Kukitafuta kitabuni kisizidi dakika mbili, hesabu na maelezo ndiyo yanayobeba maksi.

Msomi wa Iringa: Na hata ikiwa imechelewa, anaomba kuongezewa muda kifungu cha 14, mchezo umeisha.

Bwana Kesi: Hapana ndugu yangu. Cha 14 ni cha rufaa na maombi. Kwa kufungua kesi yenyewe, njia iko kifungu cha 44, kwa Waziri, naye haongezi zaidi ya nusu ya muda uliowekwa. Hapo ndipo wengi wanapoangushwa, kwa sababu stika imeandikwa tu "kuongeza muda".

Msomi wa Iringa: Sawa, hilo la 44 nimelichukua. Ila stika nyingi bado nitazitetea.

Mama Pili: Mimi mtihani wangu nilipewa kwenda nao nyumbani, siku mbili. Nilikodi meza steshenari. Hizo stika mnanunua wapi?

Kijana wa Mabibo: Huo ni mwingine, mama, hapa saa inagonga ukiwa umekaa.

Mmenikumbusha siku moja. Tumefika mlangoni, msimamizi anasoma maelekezo: sheria iingie bila maandishi, na stika yenye maneno ni maandishi. Tukaambiwa tubandue pale pale kwenye benchi la nje. Mwenzangu alikuwa na stika kila kifungu. Gundi ikang'ang'ania, anavuta na kurasa zinachanika, jasho linamdondokea kwenye jedwali. Ndani watu wameshaanza swali la kwanza. Alipoingia akakaa akiziangalia kurasa zilizochanika, peni mkononi, na hakuandika kitu kwa muda mrefu. Jina lake kwenye matokeo lilikuwa kwenye sapu. Mimi niliokolewa na kwamba nilikuwa nimeinakili faharasa yangu mara nyingi hadi najua cha 27 kiko upande gani wa kitabu.

Neema wa Moro: Daah, pole sana kwake.

Msomi wa Iringa: Msimamizi alionea watu. Stika si maandishi ndani ya kitabu.

Kijana wa Mabibo: Maelekezo yalikuwa yametoka wiki kadhaa kabla. Kuonea kuko wapi?

Msomi wa Iringa: Yalitaja kalamu, hayakutaja stika!

Bwana Kesi: Tusigombane. Kila chuo kina utaratibu wake, kwingine hata notsi zinaingia. Mdogo wake aulize kwa maandishi kabla, na aweke stika tupu za rangi, maana ya rangi aikariri.

Neema wa Moro: Naongeza: aangalie ana toleo gani. Toleo la marejeo la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na namba nyingi za vifungu zimehama. Faharasa ya kaka aliyemaliza zamani itampeleka kusikohusika. Hata hizo 14, 27 na 44 za hapo juu ni za toleo la 2019.

Bwana Kesi: Kweli kabisa, nilizitaja kwa la 2019. Azilinganishe na kitabu atakachoingia nacho.

Dada wa Tabata: Ameamka, anasema chake ni cha 2019 na mwalimu hajasema lipi litatumika. Kuna aliyefanya pepa baada ya Julai? Walikubali namba za zamani?