Rampu iwe na kasma yake, au iingie ndani ya ujenzi wenyewe?

Mjumbe_wa_Bodi
Wakuu salama. Niko bodi ya chuo kidogo cha ufundi huku kwetu. Tunajenga karakana mbili na vyoo, na mradi huohuo una mafunzo ya miezi mitatu ya ushonaji na umeme wa majumbani. Mfadhili anataka mahitaji ya watu wenye ulemavu yawe na kasma ya peke yake ili ayaone. Mhasibu kakubali. Mimi moyo unasita. Kasma ya peke yake inalinda hela, au ndiyo inayorahisisha kukatwa?

Kisu_Kikali
Itakatwa saruji ikipanda bei tu. Na tusemezane ukweli: pale ninapofundisha rampu ilijengwa 2019, mpaka leo sijaona kiti mwendo kikipita. Kinachopita ni bodaboda na toroli la maharage. Hela ile ingenunua vyerehani viwili.

Mama_Shadya
Wewe Kisu, hujaona kiti mwendo kwa sababu cha mwanangu kilirudia getini. Sijui kama ni chuo chako, lakini hadithi ni moja. Mwanangu alipata nafasi, tukafika na begi na godoro. Rampu ipo, nzuri, imepakwa na rangi ya njano. Mlango wa karakana una kizingiti cha kumkwaza hata mzima. Choo kiko bondeni, ngazi sita. Mwalimu mmoja akaniambia, kwa upole kabisa, "Mama, vijana watakuwa wanambeba." Kijana wa miaka 19 abebwe kwenda chooni, mara tatu kwa siku, mbele ya wasichana! Tuligeuza na godoro letu.

Kisu_Kikali
Mama, nisamehe, sikumsema mtoto wako. Nilisema hela.

Mama_Shadya
Ndiyo hiyohiyo hela nami nayosema.

Fundi_Rashidi
Msije mkawamalizia hasira mafundi. Sisi tunajenga kilichoandikwa. Karatasi inakuja imeandikwa "rampu, moja, jumla", na bei mbele yake. Mchoro hakuna. Natia kifusi, nashindilia, namwaga zege, nakwaruza isiteleze, nimemaliza. Nikiirefusha, saruji ya nani? Halafu rampu ikilala sana inatuamisha maji na kuota kuvu. Ndiyo maana tunaisimamisha kidogo.

Mkadiriaji
Fundi, la karatasi umesema kweli tupu, na humo ndimo lilimo jibu la Mjumbe. La maji hapana. Maji unayamaliza kwa kuikwaruza zege kwa kukata upana wake na kuinamisha uso kiasi kidogo pembeni. Mteremko mkali hauhitajiki.

Chukueni jengo la kawaida: sakafu imeinuka ngazi tatu za sentimita 15, jumla 45. Kipimo kinachotumika karibu kila mahali ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kupanda unaenda 12 mbele. 45 mara 12 ni mita 5.4. Ongeza sehemu bapa ya mita 1.5 juu, ili mtu asimame afungue mlango bila kurudi nyuma, na nyingine kama hiyo chini. Umefika mita 8.4. Sasa veranda ya karakana ina mita 2.4 tu kutoka ukutani hadi mfereji wa maji. Rampu haiwezi kutoka mbele, lazima ilale ubavuni mwa ukuta, na hilo huamuliwa kwenye mchoro, kabla mtu hajachimba msingi.

Ikikaa kwenye kasma ya pembeni yenye neno "jumla", hakuna anayeichora. Fundi anafika mwishoni, nafasi iliyobaki ni mita 2.4, anajenga humohumo. 240 gawanya kwa 45 ni kama 5. Huo ni mteremko wa 1 kwa 5. Mwenye kiti hapandi peke yake, na akisukumwa wakati wa kushuka, anayemsukuma ndiye anayeburutwa. Kila mmoja anaweza kukagua kwao: futi kamba, pima kimo cha sakafu toka chini, pima urefu wa rampu ardhini, gawanya urefu kwa kimo. Ukipata chini ya 12, imekuwa kali kuliko kipimo. Ukipata 5, mmejengewa pambo.

Kuhusu kukatwa: nimekaa vikao vingi vya kupunguza gharama. Hakuna aliyewahi kusema tuondoe nusu ya mlango. Wanaondoa mstari. Kwa hiyo upana wa mlango uandikwe kwenye mlango, rampu iandikwe pamoja na msingi na zege, vyuma vya kushikia chooni viandikwe kwenye choo.

Zuhura_wa_Hesabu
Halafu mfadhili aone nini? Bila kasma hakuna ripoti. Mimi nimewahi kuulizwa na mkaguzi "ya walemavu iko wapi", nikamwonyesha mlango. Aliniangalia kama nimelewa.

Kijiti_Mkavu
Watu wenye ulemavu, dada. Si "walemavu".

Zuhura_wa_Hesabu
Nilimnukuu mkaguzi. Kamsahihishe yeye.

Mkadiriaji
Dada Zuhura, ongeza safu moja pembeni ya jedwali. Kila kazi inayohusu ufikikaji unaitia alama, mwishoni unajumlisha zenye alama na kuziandika kwenye ripoti. Malipo yanabaki kwenye kazi yenyewe. Mfadhili anaona jumla, lakini hapati mstari wa kufuta.

Mzee_Kaguzi
Nimestaafu, kwa hiyo nasema bila woga. Safu hiyo nimeiona ikifanya kazi mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kila mlango una alama, hata wa stoo ya majembe. Jumla inapendeza, kiti hakipiti. Kwenye kasma ya peke yake angalau nilijua wapi pa kuanzia kuuliza.

Mkadiriaji
Mzee, hapo umenishika. Labda alama iende na kipimo: mlango bila kusema unabaki upana gani ukiwa wazi, hauhesabiwi. Mlango wa sentimita 90 kwenye makadirio, ukitoa fremu na unene wa ubao, unaweza kubaki na 80.

Bwana_Harusi
Mbona mnazunguka? Hizi hela zipo tayari. Halmashauri inatoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Chuo kiombe kwenye hiyo 2.

Zuhura_wa_Hesabu
Hiyo ni mikopo ya vikundi, kaka. Inarejeshwa. Rampu itarejesha nini, itauza vitumbua?

Bwana_Harusi
Basi ndiyo maana ilisimamishwa 2023.

Zuhura_wa_Hesabu
Ilisimamishwa kwa sababu marejesho yalikuwa tabu na vikundi vingine ni hewa. Imerudi. Rampu haikuwamo.

Mkono_Unasema
Naandika kama kiziwi. Mmejenga ukurasa mzima wa zege. Mjumbe aliuliza na mafunzo.

Nilisoma kozi ya miezi mitatu kama hiyo yake. Kasma ya ulemavu ilikuwepo, niliiona baadaye. Fomu ya kujiandikisha haikuuliza mtu anahitaji nini. Nikafika siku ya kwanza, mwalimu akashangaa. Wiki ya pili akaletwa mkalimani mmoja, dada mchapakazi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, peke yake. Ukalimani wa lugha ya alama hufanywa na wawili wakipokezana kila dakika 20 au 30, maana mikono inachoka, na akili inachoka kabla ya mikono. Ikifika saa tano alikuwa ananipa kichwa cha habari tu. Mwalimu anaeleza dakika kumi waya wa ardhi unaunganishwaje, mimi napata "waya, ardhi, muhimu".

Wiki ya sita akasitishwa, "kasma imeisha". Haikuwa imeisha. Sehemu ilikwenda kwenye chakula cha mahafali. Nilikula, kwa kweli. Pilau lilikuwa zuri.

Kisu_Kikali
Hilo la pilau limenichoma. Nakubali, hapo kasma inahitajika.

Mkadiriaji
Mkono, asante. Hapa nabadilika: jengo nataka liwe ndani ya kazi, ila mkalimani, nukta nundu, nauli ya msaidizi, hivyo vinamfuata mtu. Kabla ya kuandikisha hujui kama utapata kiziwi mmoja, wasioona wawili, au hakuna. Hilo huwezi kulificha ndani ya saruji. Liwe na kasma, na liwe na mwenye sahihi ambaye si mkuu wa mahafali.

Mzee_Kaguzi
Na lindeni kitu kimoja. Isipotumika mpaka 30 Juni, watairudisha na kuandika "hakukuwa na uhitaji". Mwaka unaofuata inapungua nusu. Wakati fomu haikuuliza! Uhitaji haukuonekana kwa sababu hakuna aliyeutafuta.

Fundi_Rashidi
Turudi kwenye bodaboda. Rampu zinavunjika kona kwa sababu yao. Chimbieni vyuma viwili visimame pale chini, basi.

Kisu_Kikali
Ndiyo! Hata kwetu. Mwalimu wa taaluma anapandisha mpaka mlangoni, mvua ikinyesha anaegesha juu ya rampu.

Kijiti_Mkavu
Mwalimu wa taaluma mtajeni cheo tu, jina hapana.

Mama_Shadya
Vyuma viachane kiasi gani, Fundi?

Fundi_Rashidi
Sentimita 70, boda haipiti.

Mama_Shadya
Na mwanangu je? Kiti chake mikono ikiwa nje kinabanwa hapohapo. Tena nyumbani anatumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Ni pana na ndefu, hata hiyo mita 1.5 yenu juu ya rampu haigeuki. Nyie wote mnapima kiti cha hospitali.

Fundi_Rashidi
Tuweke 90.

Kisu_Kikali
90 inapita boda na abiria na kuku wake.

Mkadiriaji
Mama Shadya kanyamazisha mahesabu yangu. Kwa baiskeli ya magurudumu matatu inabidi kuwe na mahali pa kuiacha chini ya paa, na kiti kingine cha kuhamia. Hicho kiti sijui niandike wapi. Hakimo kwenye zege, na hakimfuati mwanafunzi mmoja, kwani kinabaki chuoni.

Zuhura_wa_Hesabu
Samani.

Mzee_Kaguzi
Vifaa tiba.

Zuhura_wa_Hesabu
Mzee, ukiandika vifaa tiba, chuo cha ufundi kitaulizwa maswali mpaka mwakani.

Mjumbe_wa_Bodi
Nimesoma yote, na jioni nimekwenda na futi kamba. Msingi wa karakana ya kwanza umeshamwagwa. Sakafu iko juu sentimita 60, kwa sababu ya maji ya masika, fundi anasema. Nikizidisha kwa 12 napata mita 7.2 kabla ya sehemu bapa. Kati ya ukuta na uzio nina mita 6. Karakana ya pili haijachimbwa.

Fundi_Rashidi
Ikunje katikati, iende na irudi.

Mkadiriaji
Kukunja kunataka upana, Mjumbe. Njia mbili za mita 1.2 na ukingo wake, na mahali pa kugeuzia. Pima upana wa ubavu kesho. Na hiyo ya pili, kabla ya kuchimba, muulize fundi wako maji ya masika hufika wapi hasa, aonyeshe alama ukutani. Mara nyingi 60 ni mazoea.

Fundi_Rashidi
Mazoea? Njoo wewe Aprili na suruali yako ya ofisini.