Droo za Instagram hapa Mbeya: laivu inatosha kuamini?

Binti wa Uyole: Kuna peji hapa Mbeya inauza namba za droo, 2,000 kwa namba, zawadi ni simu ya laki nne. Namba ziko 500. Jumamosi wanazungusha gurudumu laivu. Nina namba mbili. Nitajuaje kama droo ni ya haki?

Dereva wa Tunduma: Dada, kama ni laivu ondoa wasiwasi. Watu wote mnaliona gurudumu linazunguka, atachakachua saa ngapi? Matapeli ni wale wanaotangaza mshindi kwa picha tu, hata droo hujaiona.

Fundi simu, Mwanjelwa: Kaka, laivu inakuonyesha gurudumu, haikuonyeshi kilichomo ndani yake. Namba 500 zikipangwa kwenye duara moja, kila kipande hakifiki hata nyuzi moja. Kwenye kioo cha simu unaona rangi tu zinapita. Mwendeshaji akiingiza namba ya shemeji yake mara 40 hakuna atakayegundua. Na ukurasa wa gurudumu kijana yeyote anayejua programu kidogo anautengeneza, akaupanga usimame pale anapotaka yeye.

Halafu kuna laivu ambazo si laivu. Mtu anarekodi jana, anarudia mpaka apatikane mshindi anayemtaka, leo anarusha. Hiyo ni rahisi kuipima: andika kwenye maoni neno la ajabu, mwambie alisome kwa sauti sasa hivi. Asipolisoma, toka.

Ila mimi ningeanzia kwingine kabisa. Dada, hizo namba 500 zimeuzwa zote?

Binti wa Uyole: Jana admini alisema zimebaki kama 190.

Fundi simu, Mwanjelwa: Basi gurudumu liache kwanza. Zimeuzwa 310, maana yake ameshaingiza 620,000. Sasa akizungusha namba zote 500, zile 190 ni za nani? Ni zake. Kwa kila droo 100 za namna hiyo, takribani 38 simu inabaki dukani kwake, na gurudumu halijachezewa hata kidogo. Atatangaza "mshindi namba 402", nanyi mtapiga makofi.

Akiziondoa, wewe una namba mbili kati ya 310 badala ya mbili kati ya 500. Muulize leo, akujibu kwa maandishi: zisizouzwa zinaingia au haziingii? Na zikiingia, ikitoka mojawapo anarudia au anabaki na simu? Wengi hawajawahi kuulizwa hilo swali.

Mama Kihesa: Kamwene wadau. Mimi nililetewa meseji kwamba nimeshinda friji, nitume 35,000 ya usafiri ili lifike Iringa. Nikatuma. Friji mpaka leo sijaliona na ile namba haipatikani. Hizi droo zote ni hao hao.

Mhasibu, Njombe: Pole sana mama. Huo ni utapeli mwingine, maana pale hapakuwa na droo yoyote. Mshindi halipi hela ili apewe zawadi yake, anayekudai usafiri mkatie simu. Huyu dada amenunua namba na droo ipo, anachotaka kujua ni kama inachezeshwa sawasawa.

Na mbona hakuna aliyegusa kibali? Bahati nasibu inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003. Kuuza namba kwa hela halafu kutoa zawadi kwa bahati bila kibali ni kosa. Kama anacho, mjadala umeisha.

Fundi simu, Mwanjelwa: Kibali kinatakiwa, nakubaliana nawe. Lakini picha ya kibali ukutani mwa peji haijamaliza kitu. Nimeona peji zimebandika kibali cha kampuni nyingine. Soma jina la mwenye kibali, jina la shindano na tarehe, halafu uwaulize Bodi wenyewe kama ndicho. Na kibali kinakwambia nani wa kumshika. Namba zilizoingia kwenye gurudumu hakikuonyeshi.

Mwendesha peji, Mafinga: Nami nachezesha droo, niseme upande wetu. Watu wanadai tuweke orodha ya wanunuzi wazi. Nikiweka majina na namba za simu, kesho yake wateja wangu wanapigiwa na hao waliomtapeli mama. Tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, siwezi kuanika namba za watu.

Fundi simu, Mwanjelwa: Hoja yako ni ya kweli mkuu, ila ina njia. Weka namba ya droo na tarakimu tatu za mwisho za simu ya mnunuzi, basi. Mwenye namba 217 akiona inaishia 864 anajijua, mwingine hamjui. Funga mauzo saa moja kabla, hiyo orodha itupe kwenye grupu la WhatsApp kama faili, kila mtu abaki na nakala kwenye simu yake. Ukibadilisha kitu baadaye, nakala 300 zinakuumbua.

Halafu achana na gurudumu. Chukua vizibo kumi vya soda vinavyofanana, andika 0 mpaka 9, vitie kimoja kimoja kwenye mfuko mbele ya kamera. Washiriki watatu, sio ndugu zako, kila mmoja achomoe kizibo kimoja, kisomwe, kirudishwe, mfuko utikiswe. Wa kwanza mamia, wa pili makumi, wa tatu mamoja. Ikitoka namba ambayo haimo kwenye orodha, mnarudia.

Na mnarudia zote tatu. Hapo watu wanakosea sana. Tuseme imetoka 4, kisha 8, na kati ya 480 mpaka 489 iliyouzwa ni 487 peke yake. Mkirudia kizibo cha mwisho tu, lazima atashinda mwenye 487. Huyo anakuwa na nafasi mara kumi ya mtu ambaye kumi lake lote limeuzwa. Kwa namba 310 zilizouzwa, kwa wastani mtachomoa raundi tatu hivi mpaka kupata mshindi. Dakika tano haziishi.

Mhasibu, Njombe: Sawa, lakini orodha yako ina tundu. Mwenye peji akijiandikia wanunuzi hewa 100 kabla hajaifunga, vizibo vitasaidia nini?

Fundi simu, Mwanjelwa: Havisaidii. Hapo inabidi mshiriki mmoja aoneshwe taarifa ya lipa namba: orodha ikiwa na namba 310, miamala ifike 620,000. Na bado mtu anaweza kujilipia mwenyewe kwa laini nyingine, hela ikazunguka ikamrudia. Hilo sijaliona dawa yake, labda msimamizi kutoka nje mwenye mamlaka ya kukagua.

Dereva wa Tunduma: Kwa simu ya laki nne mnataka ukaguzi wa benki? Hakuna atakayechezesha droo tena.

Mwendesha peji, Mafinga: Vizibo na tarakimu tatu za mwisho naweza. Taarifa ya lipa namba simuoneshi mteja, mle kuna biashara zangu zote.

Mhasibu, Njombe: Fungua lipa namba ya droo peke yake.

Binti wa Uyole: Admini amenijibu. Anasema zisizouzwa "zinabaki kwenye gurudumu kwa sababu ndiyo utaratibu", na orodha hatoi. Nimemwomba anirudishie 4,000 yangu, amesema namba ikishauzwa hairudi.

Mama Kihesa: Skrinshoti hayo majibu mwanangu, kabla hajayafuta.