Mzee hajawahi kuniomba samahani, sasa kapata kiharusi na analia mbele yangu. Nimchukulieje?

Mtoto wa Bi Mkubwa:
Wakuu habari za muda huu. Mimi niko Dodoma mjini huku Nkuhungu, mzee wangu yuko kijijini Mpwapwa. Sisi ni watoto wa mke mkubwa, mzee alihamia kwa mke mdogo nikiwa darasa la tatu na wala hakwenda mbali, ni nyumba ya pili tu, unapita unamkuta kakaa kivulini na redio yake, shikamoo baba, marahaba, imeisha hiyo, hata uso hanyanyui. Hakuwahi kutupiga wala kututukana, ni ule ukimya. Nilipofaulu kwenda sekondari mama aliuza mbuzi wake wakati zizi la mzee lina ng'ombe. Harusi yangu alituma mtu aseme mguu unamsumbua, kesho yake watu wakamwona mnadani anatembea fresh tu.

Mwaka jana akapata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havifanyi kazi. Kuongea anaongea ila sauti imekuwa imenyooka, haipandi haishuki. Mke mdogo kaondoka kwenda kwa wanae Morogoro, dada yangu ndo anamhudumia, mimi natuma hela na siku hizi naenda mwenyewe. Sasa nikifika nakaa kwenye kigoda upande wa ukutani, naongea weee, yeye kageukia mlangoni haniangalii kabisa. Nikasema huyu ni yule yule. Halafu juzi nikiwa namnywesha uji wa uwele ghafla akaanza kulia, kulia kwa kwikwi, dada akaniambia umeona, ndo anakuomba msamaha huyo. Nilirudi mjini roho nyeupe. Nilivyoenda tena, kageukia mlangoni.

Naombeni ushauri, yale machozi niyahesabu ni samahani? Na kama sio, mtu ambae najua kabisa hatokuja kusema neno unaelewana nae vipi?

Chilonwa:
Mkuu mzee wa Kigogo hawezi kukulilia bure, huyo anajuta. Wazee wetu kumwambia mtoto samahani hawana kitu hicho, hata wakitaka hawajui waanzie wapi. Mzazi hakosei, nenda kapige magoti omba radhi wewe, atakutemea mate ya baraka maisha yafunguke.

Zabibu Kavu:
Pole mkuu. Ila usisahau la msingi, muulize mapema mashamba yako kwa jina la nani. Sisi mzee alifariki hajaandika wosia, mpaka leo shamba la zabibu limekuwa pori, watoto wa mama huyu na mama yule tunaitana mahakamani tu. Mchukue mwenyekiti wa kijiji na mashahidi awe bado ana akili zake.

Mtoto wa Bi Mkubwa:
@Zabibu Kavu mkuu sijauliza mambo ya urithi. Hao ng'ombe wenyewe washaishia kwenye matibabu.

Nesi wa Zamu:
Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika maana hapa kuna vitu viwili vinakuchanganya na vyote vinaweza kuwa ugonjwa.

La kwanza hayo machozi. Kiharusi kinaweza kuharibu ile breki ya ubongo inayozuia kulia na kucheka, mgonjwa analipuka kulia kwa kitu kidogo sana, au bila kitu, hata yeye mwenyewe hajui kwanini. Utamjua hivi: kilio kinakuja ghafla, kinakatika ghafla ndani ya dakika chache, na hakiendani na kinachoongelewa. Muulize dada yako kama analia na siku ambazo wewe haupo. Ikiwa ni mtu amenuna kutwa nzima, hali, halali, hataki chochote, hiyo ni sonona nayo huwapata wengi baada ya kiharusi. Zote mbili mwambieni daktari siku ya kliniki ya presha, dawa zipo, msikae mnatafsiri tu nyumbani.

La pili huku kukugeuzia uso. Kushoto kukipooza maana yake ubongo umeumia upande wa kulia, na wengi wa hawa huacha kabisa kujali upande wa kushoto, sio upofu, ni kama huo upande haupo duniani. Ukimwekea sahani anakula nusu ya kulia, nusu ya kushoto anaiacha. Sasa kile kigoda chako cha ukutani kiko upande gani wake? Na sauti kunyooka vile ndo hivyo hivyo, inaweza kuwa ni kiharusi.

Kwa hiyo usimsome mzee kwa uso wake wa sasa hivi, kwa ubaya wala kwa uzuri.

Mtoto wa Bi Mkubwa:
Aisee. Kigoda kiko kushoto kwake. Na nimempigia dada sasa hivi, anasema sahani ni kweli anabakiza upande mmoja, yeye alidhani kashiba. Kulia anasema alilia siku moja redioni wanatangaza mechi ya Yanga, hata mpira haujaanza. Na walivyokuja kumwambia jirani kafariki alicheka, watu wakabaki wanaangaliana.

Sijui nifurahi au niumie. Maana yake yale machozi ya uji hayakuwa yangu.

Nesi wa Zamu:
Inawezekana hayakuwa, inawezekana kidogo yalikuwa, hakuna wa kukupimia. Ila ule ukimya wa miaka yote kabla ya kuumwa ulikuwa wake mwenyewe, huo usiusingizie kiharusi.

Mama Wawili:
Wa kwangu alikuwa Kondoa, mkavu hivyo hivyo. Nilichofanya nilitafuta kazi ya mikono, namkata kucha, namnyoa ndevu, maana mkikaa mnatazamana kila mtu anasubiri mwenzie aanze. Siku moja nikiwa namkata kucha nikamwambia baba, mwaka ule nimelazwa hukuja kuniona, iliniuma sana. Basi. Sikumuuliza kwanini, ukiuliza umeshamdai jibu na hana. Akakaa kimya halafu akaniambia mbuzi siku hizi wamepanda bei. Nikamaliza kucha. Hakuna kilichobadilika kwake ila mimi kile kitu kilikuwa hakipo tena kooni.

Chilonwa:
Mzee mgonjwa unaenda kumsomea mashtaka? Akipandisha presha akafa utajibu nini kwa ukoo. Hapo dada yangu tunapishana.

Mama Wawili:
Mashtaka ni kumsimanga kila ukienda. Mimi nilisema mara moja tu. Na akifa bila kuambiwa, mtoto akameze nini?

Nesi wa Zamu:
Chilonwa ana hoja kidogo. Usiseme jioni, wengi wanakuwa wamechoka na akili imechanganyika, sema asubuhi ashakunywa chai, mkiwa wawili, sio mbele ya mashemeji. Kaa kuliani kwake, sentensi fupi moja. Akianza kuhangaika au kulia, badilisha mada mpe kazi nyingine, usimbembeleze wala usimuulize unalia nini. Na kama ukifika ukaona hutaki kusema, usiseme, hajakulazimisha mtu.

Mtoto wa Bi Mkubwa:
Nimewaelewa. Jumamosi naenda, kigoda nakihamisha. Ile ya mbuzi wa mama nitaona huko huko kama inatoka, magoti sipigi, samahani Chilonwa. Ndevu nadhani ndo nitaanza nazo, zimekuwa nyingi. Natumia wembe wa kawaida?

Nesi wa Zamu:
Angalia dawa zake kwanza, kama anakunywa za kulainisha damu akikatwa kidogo damu haikati upesi, tafuta mashine ya kunyolea. Na shavu la kushoto nyoa wewe hata akisema limeisha, yeye halioni.

Zabibu Kavu:
Na hati mkuu, ukiwa huko huko.