Apu imegeuza kibao cha duka upuuzi, A3 20 zimenikalia nyumbani!

Mpigapicha_Kibokoni:
Jamani nina hasira, nisomeni tu. Kuna mzee ana duka la leso Mtaa wa Biashara. Alitaka picha ya mbele ya duka lake iwe kama imechorwa kwa rangi ya maji, moja aitundike na nyingine awape wateja wake wa jumla. Nikaenda asubuhi kabla mikokoteni haijajaa, nikapiga kwa simu, picha safi. Nikaitia kwenye apu ninayoilipia kila mwezi, inayojinadi kwamba maandishi hayaguswi. Kuta zikatoka vizuri, kivuli cha turubai kizuri, hata paka aliyelala kizingitini katoka paka. Nikaitazama kwenye simu, nikaona sawa, nikachapisha 20.

Mzee akavaa miwani, akanyamaza kitambo, kisha akaweka kidole kwenye kibao: "Mwanangu, hii simu ni ya nani?" Tarakimu mbili zimebadilika. LESO imekuwa LESQ. Na ile leso iliyotundikwa mlangoni, jina lake MGENI NJOO MWENYEJI APONE, sasa inasema MGFNI NJCO MWENYIIJ APQNE. Leso jina likiharibika imebaki nini? Pesa ya kuchapisha ni yangu na imekwenda. Wenye apu nimewaandikia, wakanijibu niongeze maelezo kwamba maandishi yabaki yalivyo. Nimeandika kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa. Kila nikirudia natolewa upuuzi mpya. Tunalipia nini?

Dogo_wa_Tudor:
Yakhe, umetia nguvu nyingi. Shusha `Denoising strength` hadi 0.2, maandishi yatabaki. Kwisha habari.

Mpigapicha_Kibokoni:
Apu yangu ina "kidogo", "wastani" na "sana" tu. "Kidogo" nimejaribu. Jina la duka linasomeka, simu na leso bado. Na hiyo rangi ya maji yenyewe siioni, picha imebaki picha.

Bi_Nyali:
Hiyo ni fonti. Simu yangu ilikuwa ikionyesha visanduku badala ya Kiarabu, nikaisasisha ikaacha. Sasisha kwanza.

Mpigapicha_Kibokoni:
Dada, herufi zangu ni rangi ya mafuta juu ya bati. Hazina fonti.

Fundi_wa_Vibao:
Dogo yuko nusu sawa. Nguvu ikizidi herufi hupotea, kweli, lakini hapa zilikuwa zimekufa kabla mtindo haujaanza. Ndugu, hiyo picha ina pikseli ngapi, na herufi zina urefu gani?

Mpigapicha_Kibokoni:
4000 kwa 3000. Nimepima: jina la duka pikseli 70 hivi, nambari ya simu 30, jina la leso 24.

Fundi_wa_Vibao:
Basi fuata hesabu. Apu nyingi hupunguza picha kwanza, tuseme upana wa 1024. Hapo 70 yako imekuwa 18, 30 imekuwa 8, na 24 imekuwa 6. Halafu modeli za jamii ya Stable Diffusion hazichori juu ya pikseli zenyewe. Picha hufinywa mara 8 kila upande, ikawa gridi ndogo, na kazi yote hufanyika humo. Herufi ya jina la duka inapata miraba miwili na kidogo kwa urefu. Ya simu inapata mmoja. Ya leso haipati hata mmoja mzima. Sasa 3 na 8 utazitofautishaje ndani ya mraba mmoja? Modeli inajua tu kwamba hapa palikuwa na kitu mfano wa herufi, inabuni chake. Maelezo unayoandika hayarudishi kilichokwisha kufutika.

Dogo, jaribu mwenyewe: punguza picha hiyo hadi 1024, weka nguvu 0, usitie mtindo wowote. Ikuze matokeo uone tarakimu zilivyolika.

Dogo_wa_Tudor:
Nimejaribu na picha yangu ya feri. Nambari ndogo zimelika kweli. Lakini maandishi makubwa 0.2 inatosha, hapo sibanduki.

Makanga_Mstaafu:
Mimi nilitia picha ya matatu yetu, ikatoka na jina lisilojulikana ni lugha gani. Vijana wakalipenda, tukamwita mchoraji akalipaka ubavuni hivyo hivyo. Abiria wanauliza maana yake mpaka leo.

Mpigapicha_Kibokoni:
Mzee wangu hacheki, kaka. Fundi, nifanyeje?

Fundi_wa_Vibao:
Apu hiyo iache, tafuta kompyuta yenye programu inayokupa `Inpaint`, yaani kugeuza sehemu moja tu ya picha. Geuza picha nzima kwanza, usijali kibao. Kisha rudi kwenye picha ya asili, kata kipande cha kibao peke yake na ukingo kidogo. Kikiwa na upana wa pikseli 680, kikuze kifike 1024. Sasa herufi za 70 zimekuwa 105, miraba 13. Za simu zimekuwa 45, zaidi ya miraba mitano. Kigeuze kwa nguvu ya 0.3 au 0.35, kirudishe mahali pake. Baadhi ya programu zina chaguo la `Only masked` linalokata, kukuza na kurudisha lenyewe.

Leso usiihangaikie kwa njia hiyo, herufi zake ni ndogo mno. Zifute kwenye nakala ya picha ya asili kabla ya kugeuza, kitambaa kibaki kitupu mahali pa jina. Katika vitu usivyovitaka andika `text, letters`, maana modeli ikiona nafasi tupu hupenda kujitungia. Picha ikishageuka, fungua GIMP, weka leya ya picha ya asili juu, bakisha sehemu ya maandishi tu, chagua `Multiply`. Herufi nyeusi juu ya kitambaa cheupe zitakaa na rangi ya maji itapenya chini yake. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito, tumia `Screen`. Wengi huruka hatua ya kufuta, halafu herufi mbovu zinachungulia chini ya nzima.

Dogo_wa_Tudor:
Si uandike upya kwa fonti tu? Dakika mbili.

Fundi_wa_Vibao:
Kwa simu sawa. Kibao kilichochorwa kwa mkono ukikitilia fonti, mwenye duka atakijua kabla hajavaa miwani.

Mpigapicha_Kibokoni:
Nimekesha nacho. Kibao kimetoka, simu nimeihakiki tarakimu kwa tarakimu nimekuza kabisa. Halafu nimempa mdogo wangu, hajawahi kuliona duka, anisomee kwa sauti, maana mimi jicho langu linasoma ninachokijua. Kasoma yote sawa.

Leso ndiyo bado. Imekunjana katikati, na ile picha iliyogeuzwa imesogeza mikunjo, basi neno MWENYEJI linapita juu ya mkunjo kama limebandikwa gundi.

Fundi_wa_Vibao:
Tia `ControlNet` ya `Canny` ishike mistari ya mikunjo wakati wa kugeuza. Itapunguza. Kuisha kabisa sikuahidi, leso iliyokunjana inanisumbua hata mimi.

Bi_Nyali:
Na kibao chenye Kiarabu je? Changu kimetoka herufi zote zimekatwakatwa, kila moja imesimama peke yake.

Mpigapicha_Kibokoni:
Kumbe kweli ulikuwa na kibao, dada! Weka picha tuone. Nami kesho naenda kwa mzee na moja tu, A4. Wenye apu wamenijibu tena: nijaribu kitufe cha "kidogo".