Naomba ushauri: Noah inakula lita 12 Mjini–Nungwi, nipange nauli kwa kipimo gani?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Nabeba wageni kwa Noah kutoka Mjini hadi Nungwi. Juzi nilijaza tangi mpaka pampu ikakata yenyewe, nikarudisha kilomita za safari kwenye sifuri. Kwenda na kurudi zikasoma 120. Nikajaza tena, zikaingia lita 12, yaani kilomita 10 kwa lita. Kwa shilingi 2,900 niliyonunulia lita, safari imekula 34,800. Mimi nauli niliipanga kwa kilomita 12 kwa lita, ambayo ni 29,000. Hiyo 5,800 inatoka mfukoni mwangu, na inaniuma.

Kinachonitia shaka ni kipimo chenyewe. Mara ya pili nilijaza kituo kingine, gari limeinama kidogo. Pampu ikichelewa kukata kwa lita moja tu, basi kweli nimetumia 11, karibu kilomita 10.9 kwa lita. Tena siku ile niliwasubiri wageni pwani injini ikiwaka kwa ajili ya kiyoyozi; mafuta yanakwenda, kilomita zimesimama.

Je, nijaze mara tatu nne kwenye pampu ileile, nijumlishe kilomita zote nigawanye kwa lita zote? Na muda wa kusubiri mnautoza vipi?