Mrejesho: Sura ya bibi imerudi

Niliuliza: "Picha ya bibi ninayoizalisha kwa LoRA inaanza vizuri, ila ikikamilika sura ni ya mrembo nisiyemjua. Kwa nini?"

Wakuu, chanzo ni CodeFormer, zana ya AI ya kurekebisha nyuso kwenye picha. Hukata uso, huuweka kwenye pikseli 512 kwa 512, kisha huujenga upya kwa ilichojifunza kwenye nyuso za watu wengine. Uso ukiwa mdogo, hubahatisha: mwanya wa bibi ulizibwa, makunyanzi yakafutwa. Nilirudia kwa Seed ileile nikiwa nimeizima, mwanya ukaonekana.

Sasa nimepandisha CodeFormer weight kutoka 0 hadi 0.8, maana 0 ndiyo nguvu kamili. Macho hayajakaa sawa, hivyo nayarekebisha kwa Inpaint, Only masked, LoRA ikiwa imewashwa, Denoising strength 0.35.