Mjadala: Je, sheria iwalazimishe abiria wa nyuma kufunga mkanda, na watoto wawe na viti vyao?

Mama wa Uyole:
Wapendwa, naomba tulijadili hili. Tumetoka msibani Makambako na Noah ya shemeji. Yeye na aliyekaa pembeni yake walifunga mikanda, sisi wa nyuma tulikaa tu. Mtoto wa miezi 10 nilimpakata, yule wa miaka 6 alisimama katikati ya viti akiangalia barabara. Trafiki walitusimamisha, wakachungulia mbele, wakaturuhusu. Kaka yangu anasema sheria ingepaswa kutubana wote, hata watoto wawe na viti vyao. Ni haki hiyo, au ni kutuongezea faini?

Dereva wa Tukuyu:
Mama, shikamoo. Mimi napinga. Aliye mbele anafunga kwa sababu mbele yake kuna dashibodi na kioo. Wa nyuma ana siti mbele yake, itamdaka. Na kila mtu anajua nyuma ni salama kuliko mbele. Mkileta sheria hii, sisi wa barabarani ndio tutakaolipa. Elfu 30 kwa kosa ni fedha ya mafuta, na abiria akifungua mkanda njiani mimi sina macho ya kisogoni.

Mkaguzi Mstaafu, Iringa:
Kamwene nyote. Dereva yuko sahihi kwamba siti ya nyuma ina nafuu. Ila nafuu hiyo ni ya mtu aliyekaa na kubaki kwenye siti yake.

Tuchukue Noah hiyohiyo, iko kilomita 50 kwa saa pale Igurusi, na lori linaingia barabarani bila kuangalia. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga, pua yake inabonyea, tuseme sentimita 60, na gari linakuwa limesimama kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Aliyefunga mkanda anasimama pamoja na gari, na kule kubonyea kwa bati kunamsaidia kupunguza mwendo. Asiyefunga bado anakwenda mita 14 kwa sekunde wakati gari limeshasimama. Anachokutana nacho ni mgongo wa siti ya mbele, na upande wa pili wa mgongo huo yuko shemeji, amebanwa na mkanda wake, hana pa kukwepea. Anapokea uzito wa mtu mzima kwa nyuma, siti inakunjika, kifua kinaenda kwenye usukani. Watafiti wa Japani walipitia ajali nyingi za nchini kwao na kuchapisha matokeo mwaka 2002: aliyekaa mbele na mkanda wake, hatari yake ya kufa ilikaribia mara tano pale abiria wa nyuma yake walipokuwa hawajafunga.

Kwa hiyo dereva wangu, unapowaambia abiria wa nyuma wafunge, unajilinda na wewe.

Kwa upande wa sheria, hii yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inamtaja dereva na abiria wa mbele. Ndiyo maana trafiki walichungulia mbele wakaishia hapo. Kaka yako anadai kitu cha haki. Afrika Kusini, tangu 2015 kanuni zao zinataka mtoto wa chini ya miaka mitatu awe kwenye kiti chake garini.

Mama wa Uyole:
Nimekuelewa kuhusu watu wazima. Lakini mtoto nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, tena nilikuwa macho.

Mkaguzi Mstaafu, Iringa:
Mama, hesabu ndiyo inayotukatalia, wala si mapenzi yako. Mtoto wa miezi 10 ana kilo kama tisa. Kwenye mgongano ule wa kilomita 50, ili abaki mapajani pako mikono yako ingehitaji kumvuta kwa nguvu ya karibu mara 16 ya uzito wake. Hiyo ni sawa na kudaka gunia la mahindi na nusu kwa ghafla, kabla hujajua kuna ajali. Hata askari mwenye mazoezi anamwachia. Na kwa kuwa na wewe hukufunga, mwili wako unamfuata kwa nyuma na kumbana kwenye siti. Kwa kilomita 80 nguvu za mgongano ni mara mbili na nusu ya hizo.

Usimfunge pamoja na wewe kwenye mkanda mmoja, wala usitegemee mbeleko. Ukimweka kati ya mwili wako na mkanda, uzito wako wote unamponda.

Baba Wawili, Njombe:
Mimi nilishapata somo kwenye mteremko wa Iwambi. Hatukugonga mtu, ilikuwa breki tu, ng'ombe kakatiza. Mwanangu alikuwa amesimama katikati ya viti kama huyo wako wa miaka 6. Aliruka hadi kwenye gia, akapasuka juu ya jicho. Tangu hapo anafunga mkanda. Ila analalamika unamkata shingo, kwa hiyo nampitishia ule wa begani nyuma ya mgongo. Hapo si inatosha?

Nesi wa Mafinga:
Baba, hapana, hapo umemwondolea nusu ya kinga. Gari likisimama ghafla anakunjika kiunoni, kichwa kinagonga magoti au siti, na mkanda wa chini unaingia tumboni. Mkanda wa gari umepimwa kwa mtu mzima. Unatakiwa ulale chini, juu ya mifupa ya nyonga, na wa juu upite katikati ya bega na kifuani. Kwa mtoto mfupi wa chini unapanda tumboni, ambako kuna utumbo, ini na bandama, hakuna mfupa wa kuzuia. Na kibaya zaidi, mtoto wa namna hiyo anaweza kufika akitembea na kuongea, nje ana mstari wa michubuko tu tumboni. Mstari huo ukiuona usisubiri kesho, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Wa miaka 6 anahitaji kiti cha kumnyanyua, kile kisicho na mikanda yake, ili mkanda wa gari umkae panapostahili. Anakitumia mpaka afike urefu wa kama sentimita 135, na wengine wanashauri 150. Angalia urefu kuliko miaka. Mpime hivi: mgongo ugusane na siti, magoti yakunjike ukingoni, mkanda wa chini ulale kwenye mapaja ya juu. Kimoja kikikosekana, bado. Na mto wa kawaida wa nyumbani haufai, unateleza.

Mwanjelwa Spea:
Niongeze la gereji. Noah na magari mengi ya mtumba kutoka Japani mikanda ya nyuma ipo, watu hawaioni kwa sababu fundi wa kava ameishona chini. Ingiza mkono kwenye mkunjo wa kiti, utakuta kifungio. Ukishautoa mkanda, uvute ghafla, lazima ugome. Usipogoma, au ukiona umelegea na kupinda kama uliowahi kuvutwa kwenye ajali, badilisha wote. Usikubali kushonewa.

Siti ya katikati kwenye baadhi ya magari ina mkanda wa kiunoni tu. Hicho kiti cha kumnyanyua mtoto usikiweke hapo, kinahitaji mkanda wa begani.

Dada wa Igawilo:
Jamani, na bodaboda je? Mwanangu anapelekwa shule na bodaboda kila siku, wapo watatu juu ya pikipiki moja. Nimfunge mkanda gani?

Nesi wa Mafinga:
Dada, hilo ni jambo lingine, na lina uzito wake. Kwenye pikipiki mkanda haupo kabisa, suala ni kofia inayomtosha na idadi ya waliopanda. Lifungulie mjadala wake, nitachangia.

Mama wa Uyole:
Basi hicho kiti cha wa miezi 10. Nimeona vya mtumba sokoni. Kinafungwaje?

Mkaguzi Mstaafu, Iringa:
Kwanza kikague. Kigeuze utafute lebo ya viwango vya usalama yenye R44/04 au R129. Angalia ganda lisiwe na ufa, mikanda yake yote iwepo na kifungio kishike. Kama muuzaji hajui kilikotoka au kimeshawahi kuwa kwenye ajali, kiache, hata kikiwa safi.

Wa miezi 10 atazame nyuma ya gari. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo wote unapokea mshindo, kichwa hakitupwi mbele. Mweke siti ya nyuma. Siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi usimweke kabisa akiwa ametazama nyuma, ukifumuka unampiga kichwani.

Pitisha mkanda wa gari kwenye njia yenye rangi ya buluu, nyekundu ni ya watoto wanaotazama mbele. Kandamiza kiti kwa goti huku unavuta mkanda. Kishike pale mkanda unapopita, ukitikise: kikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, rudia. Mikanda yake itokee usawa wa mabega au chini kidogo, na ukijaribu kuifinya begani usiweze kushika mkunjo.

Hapa kwetu kosa kubwa ni baridi. Juni na Julai tunamvisha mtoto koti nene, tunakaza mikanda juu ya koti, tunaridhika. Kwenye ajali koti linasinyaa, mkanda unabaki umelegea, mtoto anachomoka. Mvue koti, mkaze akiwa na sweta jepesi, halafu mfunike blanketi juu ya mikanda.

Dereva wa Tukuyu:
Mzee, la aliyekaa mbele sikuwa nalijua, nakubali. Mikanda yangu ya nyuma nitaitoa chini ya kava. Lakini gari likiwaka moto au likitumbukia mtoni, si utanasa?

Mkaguzi Mstaafu, Iringa:
Ajali za namna hiyo ni chache kuliko za kugongana na kupinduka. Na aliyefunga ndiye mwenye nafasi ya kubaki na fahamu za kubonyeza kifungio akatoka.

Konda wa Kyela:
Bado hamjajibu la kwetu. Hiace za vijijini siti nyingine hazina mkanda, siku ya gulio tunabeba mpaka milango inagoma kufunga, na mama mwenye mtoto mgongoni hana cha kulipa nauli ya siti mbili. Sheria ikija kesho, nimwache njiani?

Nesi wa Mafinga:
Konda, usimwache. Kwa maoni yangu sheria ianze na magari yenye mikanda tayari: binafsi, teksi, Noah za abiria. Ya biashara yasiyo nayo mmiliki ndiye apewe muda wa kuifunga, faini imhusu yeye.

Mkaguzi Mstaafu, Iringa:
Hapo na Nesi tunatofautiana kidogo. Ukishayaacha ya biashara nje, unawaacha watu wengi ambao ndio husafiri. Mimi ningeanza na idadi: abiria wasizidi siti, hata kabla ya mkanda. Mama mwenye mtoto mgongoni bado sina jibu lake, maana kiti cha mtoto kwenye Hiace hakina pa kufungwa. Waliowahi kuona utaratibu unaofanya kazi kwa mabasi madogo watuambie.